Uji wa mtama wenye kuchachuka kwa watoto wadogo: kwanza uchachuke, nyuma upikwe

Bamama na bababa wa koperative, katika mikutano yetu ya Hewa Bora na ya vijiji vya pembeni ya Lubumbashi, swali moja limerudi mara nyingi tangu mavuno ya mtama na malezi yalipoingia depo: «Ile buji ya ukali, ya mtama, tunaweza kumupa mutoto mudogo, ao itamuharibu tumbo?» Wengine wanasema bibi zao waliwalea nayo. Wengine wameambiwa kwamba kitu kilichochachuka ni kitu kilichooza. Katika namba hii tunajibu swali hilo kwa urefu.

Jibu letu kwa kifupi ni hili. Uji wa mtama au wa malezi uliochachuka vizuri unamfaa mtoto aliyetimiza miezi sita, na unapita uji wa kawaida kwa mambo mawili: hauharibiki upesi, na mwili wa mtoto unapata zaidi madini yaliyo ndani ya nafaka. Lakini kuna utaratibu wa kufuata: unga uchachuke ukiwa mbichi, nyuma uchemshwe wote, nyuma mtoto ale siku ile ile. Ukigeuza utaratibu huo, faida inapungua na hatari inaingia.

Kwa nini uji wa asubuhi ni hatari saa kumi

Tuanze na uji wa kawaida. Mama anawasha mbabula asubuhi, anapika uji, mtoto anakula kidogo. Makala ni ghali, basi sufuria inabaki imefunikwa mpaka saa saba, mpaka saa kumi. Uji ule ulipotoka motoni ulikuwa safi. Lakini kijiko kimeingia, nzi ametua, mkono umegusa ukingo wa sufuria. Vijidudu vichache vikianguka ndani ya uji wa vuguvugu usio na ukali, vinazaliana kila nusu saa au hata upesi kuliko hapo. Mpaka saa kumi vimekuwa vingi kupita hesabu, na uji bado una harufu nzuri. Mama hawezi kujua. Mtoto akiharisha usiku, watu wanasema ni meno.

Uji uliochachuka una kinga yake. Juu ya punje za nafaka huwa kuna vijidudu vizuri, ndugu za vile vinavyogandisha maziwa. Ukichanganya unga na maji na kuuacha, vijidudu hivyo vinakula sukari ya unga na kutoa asidi, na ule ndio ukali unaousikia ulimini. Vijidudu vingi vya kuharisha haviwezi kuzaliana ndani ya ukali huo, na vingi vinakufa.

Jambo hili limepimwa kwa jirani zetu. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania pamoja na wenzao wa Uswidi walichunguza togwa, ambao ni uji wa nafaka uliochachushwa. Walitia vijidudu vya kuharisha ndani ya uji wa kawaida na ndani ya uji mkali. Katika ule wa kawaida vilizaliana. Katika ule mkali vilizuiwa. Nyuma waliwapa watoto wa chini ya miaka mitano togwa mara moja kwa siku, kwa siku 13, na kupima choo chao. Watoto waliobeba vijidudu vibaya walipungua. Lakini majuma mawili baada ya kuacha togwa, namba ilianza kupanda tena. Kwa hiyo ni chakula cha kila siku, si dawa ya kunywa mara moja.

Faida ya pili: madini yaliyofungwa

Mtama na malezi vina chuma na zinki, madini ambayo mtoto anayahitaji kwa damu na kwa kukua. Shida ni kwamba ndani ya punje madini hayo yamefungwa na kitu ambacho watu wa lishe wanakiita fitati. Mtoto anakula, lakini sehemu kubwa inapita tumboni na kutoka bila kumfaa.

Punje yenyewe ina kifunguo chake. Ni kimeng'enya ambacho mmea unakitumia ukiwa unaota, ili mche mdogo upate chakula chake. Kifunguo hicho kinaamka unga ukilowa maji, na kinafanya kazi vizuri pale ukali unapopanda. Ila kinakufa kwenye moto. Ukipika kwanza na kuchachusha nyuma, umekiua kabla hakijaanza kazi. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kusema: uchachuke ukiwa mbichi.

Hapa rangi ya mtama ina maana. Mtama mwekundu, ule wa uchungu ambao ndege hawaupendi na ambao wapika pombe wanautafuta, una tanini nyingi. Tanini nazo zinafunga chuma na kukizuia kifunguo kisifanye kazi. Kwa mtoto chagua mtama mweupe, ambao wengine hapa wanauita masaka meupe, au malezi. Mwekundu uuze, au uutumie kwa wakubwa.

Sababu ya pili: moto ndio unaomaliza

Mtu atauliza: kama ukali unazuia vijidudu, kwa nini tupike nyuma? Kwa sababu ukali unafanya kazi polepole na haufanyi yote. Katika saa za kwanza, kabla rojo haijawa kali, vijidudu vibaya vilivyokuwa kwenye unga au kwenye maji vinaweza kuzaliana. Vingine vimezoea asidi na vinabaki hai. Nasi tunajua maji ya visima vyetu yanavyokuwa wakati wa mvua, toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, pale vyoo vinapojaa na kipindupindu kinaposikika.

Ukichemsha rojo iliyokwisha kuwa kali, moto unaua vilivyobaki, na asidi inabaki ndani ya uji. Vijidudu vizuri navyo vinakufa, ni kweli. Lakini kazi yao wamekwisha kuifanya: ukali upo, madini yamefunguliwa. Na mama anapata uji unaojilinda, yaani kijiko kikileta kijidudu saa sita, kinakutana na ukali.

Kwa sababu hiyo hatushauri munkoyo kwa mtoto mdogo, hata kama unatoka kwa nyumba safi. Munkoyo unapikwa kwanza, nyuma mizizi mibichi inatiwa, na haurudi tena motoni. Tena siku zikipita unaendelea kupata kilevi. Ni kinywaji cha wakubwa. Togwa ya Tanzania nayo, kimea chake kinatiwa baada ya kupika. Kama kimea hakikukaushwa mahali safi, uchafu wake unaingia moja kwa moja tumboni mwa mtoto.

Vyombo na maji

Tafuta chombo chenye kifuniko, cha plastiki ya chakula, cha udongo au cha emaye isiyopasuka. Aluminiamu na mabati si vya kuchachushia, kwa sababu asidi inakula chuma chao. Kupika kwa muda mfupi ndani ya sufuria ya aluminiamu si tatizo, lakini usilaze uji humo. Na hapa kwetu kuna onyo moja: usitumie bido iliyotoka kwenye mgodi au kiwanda, wala iliyobeba dawa ya shamba, hata kama umeiosha mara kumi. Plastiki inakunywa dawa, na asidi ya uji inaitoa tena.

Chombo, kifuniko na mwiko vioshwe kwa sabuni na kumwagiwa maji ya moto. Maji ya kuchanganya unga yachemshwe na kuachwa mpaka yawe vuguvugu. Yakiwa ya moto sana, yanaua vijidudu vizuri vilivyo kwenye unga.

Kimea: kijiko kidogo chenye kazi kubwa

Tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa kilo nane anajaza tumbo kwa kikombe kimoja hivi. Uji mwepesi unamjaza maji. Uji mzito hawezi kuumeza. Kimea kinaondoa shida hiyo: kinakata wanga, na uji wenye unga mwingi unabaki laini.

Chukua malezi safi, loweka usiku mmoja, mwaga maji, tandaza juu ya gunia safi lililolowa na funika. Nyunyiza maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu utaona mimea myeupe yenye urefu kama punje ya mchele. Anika juani mpaka ikauke kabisa, sugua kwa mikono ili mimea na mizizi ianguke, pepeta, nyuma saga.

Ukitumia mtama, kusugua na kupepeta ni lazima. Mche wa mtama unaoota una sumu ya aina moja na ile ya muhogo mchungu, na sumu hiyo iko zaidi katika mche wenyewe na mizizi yake. Malezi hayana hatari hiyo, ndiyo sababu tunayachagua kwa kimea cha mtoto. Na kwa punje zote mbili: ukiona ukungu wa kijani, mweusi au wa rangi ya waridi wakati wa kuotesha, tupa zote. Usichague nzuri ndani ya mbaya.

Kuanzisha chachu

Mara ya kwanza huna chachu, basi unaitengeneza. Changanya gobele moja ya unga wa mtama mweupe na gobele moja na nusu ya maji vuguvugu, funika, weka mahali pa joto. Mwezi wa tisa na wa kumi, joto likiwa kali, siku mbili zinaweza kutosha. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi unapokuwa baridi, inaweza kuchukua siku tatu au nne. Funga chombo ndani ya blanketi na ukiweke karibu na mbabula iliyokwisha kuzimwa.

Ikiwa kali, usimpe mtoto bado. Chukua vijiko vitatu vikubwa vya rojo hiyo, tia katika unga na maji mapya kwa kipimo kile kile. Fanya hivyo mara tatu. Kila mara vijidudu vizuri vinakuwa vingi zaidi na rojo inakuwa kali upesi zaidi. Rojo zile za kwanza wakubwa wanaweza kuzipika na kuzila kama zina harufu nzuri. Kuanzia mara ya nne una chachu ya kuaminiwa.

Mfano wa nyumba moja

Tuchukue nyumba yenye watoto wawili, mmoja wa miezi kumi na mwingine wa miaka mitatu. Ni mwezi wa kumi, joto. Mama ana chachu tayari.

Saa kumi na mbili za jioni anachanganya gobele moja ya unga wa mtama mweupe, vijiko viwili vidogo vya kimea cha malezi, gobele moja na nusu ya maji yaliyochemka na kuwa vuguvugu, na vijiko vitatu vikubwa vya chachu ya jana. Gobele yetu ni ile ya kawaida, ambayo nne zinajaza litre moja. Anafunika na kuacha.

Kesho yake saa kumi na mbili za asubuhi anafunua. Maji yamepanda juu kidogo, kuna povu dogo dogo pembeni, harufu ni kama ya maziwa ya mgando. Anaonja kwa kijiko safi: ukali unasikika wazi, kama maji ya limau. Kama ungekuwa hafifu, angeacha mpaka jioni na kupika wakati huo. Wakati wa baridi rojo moja inaweza kuhitaji siku mbili. Basi mama anakuwa na vyombo viwili, kimoja cha leo na kimoja cha kesho, ili asikose siku.

Kabla ya kitu chochote, anatoa vijiko vitatu vya rojo mbichi na kuviweka ndani ya kopo safi lenye kifuniko. Hiyo ndiyo chachu ya jioni. Asipoitoa sasa, atakuwa ameipika, na kilichopikwa hakiwezi kuchachusha kingine.

Anatia rojo yote ndani ya sufuria pamoja na gobele mbili za maji, na anaanza na moto mdogo huku anakoroga. Huu moto wa polepole si uvivu: kimea kinafanya kazi uji ukiwa moto lakini haujachemka. Ukimimina rojo ndani ya maji yanayotokota, kimea kinakufa pale pale na uji unakuwa mzito kama bukari. Uji ukianza kutokota, anauacha utokote dakika 15 akikoroga mara kwa mara. Mwishoni anatia vijiko viwili vikubwa vya kalanga zilizosagwa, au ndagala zilizokaushwa na kusagwa kuwa unga laini, na anarudisha kwenye moto kidogo.

Amepata karibu litre moja. Mtoto wa miezi kumi anapewa nusu gobele asubuhi, nusu gobele saa saba, nusu gobele saa kumi na moja. Wa miaka mitatu anapewa gobele nzima asubuhi na nusu mchana. Uji wa baadaye unawekwa ndani ya chombo safi kilichofunikwa, na kila mara mama anachota kwa kijiko safi, anapasha mpaka utokote, anaacha upoe, ndipo anampa mtoto. Kwa njia hii anapika mara moja, na kupasha kunaomba makala machache tu. Uji uliobaki katika sahani ya mtoto haurudi kwenye chombo. Jioni kilichobaki wakubwa wanakimaliza. Uji wa mtoto haulali.

Jinsi ya kujua kama imeharibika

Macho na pua vinatosha kwa siku nyingi. Rojo nzuri ina harufu safi ya ukali, rangi ile ile ya unga wake, na maji ya juu yaliyo angavu au meupe kidogo. Rojo mbaya inanuka kama yai lililooza au nguo iliyolala na maji, au inavutika kama kamasi, au ina manyoya juu, au madoa ya kijani, meusi au ya waridi. Hiyo mwaga, chemsha chombo, anza chachu mpya. Usitoe ukungu wa juu na kupika wa chini: sumu ya ukungu imekwisha kushuka, na moto hauiondoi.

Ikinuka kama pombe, maana yake imekaa muda mrefu na chachu za pombe zimeingia. Usimpikie mtoto. Anza tena na chachu ndogo, na upunguze saa.

Koperative zinazotengeneza uji kwa watoto wengi zinunue karatasi za kupima asidi. Unachovya karatasi ndani ya rojo na kulinganisha rangi. Tunataka pH 4 au chini yake. Ikibaki juu ya hapo, haijafika.

Kuna jambo moja ambalo hakuna rojo wala moto utakaolirekebisha: nafaka iliyopata ukungu shambani au depo. Sumu ya ukungu huo inabaki hata baada ya kuchachusha na kupika. Kwa hiyo mfuko wa unga wa watoto unaanzia kwenye kukausha. Anika mtama juu ya turubai, si juu ya udongo. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Na kabla ya kusaga, mtu akae na kuchagua punje zilizobadilika rangi, aoshe zilizobaki na kuzikausha upya.

Namna ya kumlisha

Kabla ya miezi sita, mtoto ananyonya tu. Uji mkali haubadilishi sheria hiyo. Akitimiza miezi sita, anza na vijiko viwili au vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, ukiongeza polepole. Kuanzia miezi tisa anakula mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati, kama ndizi au papai. Kunyonya kunaendelea mpaka miaka miwili na zaidi.

Uji ubaki juu ya kijiko usimwagike kama maji. Mpe kwa kijiko na kikombe, si kwa biberoni, kwa sababu kichuchu chake hakioshwi vizuri na ndani yake vijidudu vinajificha. Mikono ya mama na ya mtoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Na huu uji si chakula chote. Mtoto anahitaji pia mboga za majani, maharagwe, yai, samaki au nyama kidogo katika siku.

Maswali mliyotuuliza

*«Mutoto wangu anakunja uso, anakataa ukali. Nitie sukari?»* Mama, kwanza punguza ukali: changanya nusu rojo kali na nusu unga mpya kabla ya kupika, na katika juma moja au mbili ongeza polepole. Ndizi mbivu iliyopondwa inasaidia zaidi ya sukari. Asali usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

*«Nikichanganya na bunga ya mahindi, itachachuka?»* Itachachuka. Nusu mahindi, nusu mtama inakubali vizuri. Unga wa muhogo usiutie katika rojo ya mtoto: hauna protini karibu kabisa, na kama muhogo ni mchungu na haukulowekwa vizuri, unaleta sumu yake.

*«Mutoto anaharisha. Nimupe hii buji tu?»* Hapana, siyo peke yake. Anayeharisha anahitaji kwanza maji na chumvi: pakti moja ya SRO ndani ya litre moja ya maji safi, kidogo kidogo, na kunyonya mara nyingi. Kituo cha afya kinampa pia zinki. Kwa mtoto wa miezi sita na zaidi ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 mpaka 14, hata kama kuharisha kumekoma. Uji mkali anaendelea kuula kama anautaka, kwa sababu asiachwe na njaa.

Mpeleke kwa munganga pale pale kama kuna damu katika choo, kama anatapika kila kitu, kama macho yameingia ndani, kama hawezi kunywa au kunyonya, kama amelegea na haamki vizuri, au kama choo chake ni kama maji ya mchele na kinatoka bila kukoma. Hicho cha mwisho kinaweza kuwa kipindupindu, na mtoto anaweza kufa katika saa chache. Mpe SRO hata njiani.

Vilevile mtoto ambaye mkanda wa mkono unaonyesha rangi nyekundu, au ambaye miguu yake yote miwili imevimba, haponi kwa uji wa nyumbani. Anahitaji chakula cha dawa kinachotolewa kituoni. Akirudi na uzito wake umepanda, ndipo uji wa mtama umsaidie asirudi kule.